Uzi: Molekuli za nitrojeni zina kasi ya 476 au 517? Mwalimu amenikata alama

#1 Jamaa_wa_Dunga

Wadau, niamueni. Niko chuo kimoja hapa Kisumu, kozi ya ufundi wa maabara. Swali la tano kwenye mtihani wa juzi lilikuwa hivi: "Tafuta kasi ya wastani ya molekuli za nitrojeni kwenye halijoto ya 300 K." Nikaenda moja kwa moja na fomula niliyoikariri:

v = √(3RT/M) = √(3 × 8.314 × 300 / 0.028) = 517 m/s

Mwalimu akachora mstari mwekundu juu yake, kando akaandika 476. Alama tatu zikaenda na maji. Nilipomfuata akaniambia "hiyo uliyotafuta si wastani" halafu akaingia ofisini. Kurudi kwenye daftari langu naona 476 inatoka √(8RT/πM), na kuna hata ya tatu, 422, kutoka √(2RT/M). Gesi ni moja, halijoto ni moja, kasi ni tatu. Sasa molekuli inakimbia kwa kasi gani hasa? Na nirudi kudai alama au ninyamaze?

#2 Sekta58

Rudi udai. Hizo tatu ni kitu kimoja kilichokadiriwa mara tatu. 422 ilikuwa ya kwanza, wakaiboresha ikawa 476, mwishowe wakapata 517. Mwalimu wako anatumia kitabu cha zamani.

#3 Babu_wa_Lurambi

Sekta58, umetunga hiyo historia sasa hivi ukiwa kwenye matatu. Maxwell alipochapisha jambo hili mwaka 1860 alikuwa na zote tatu kwenye andiko lilelile. Hakuna iliyoitangulia mwenzake.

Kijana, hebu simama stendi ya boda hapa Kakamega, upime kasi ya pikipiki tano zinazopita. Tuseme umepata 20, 20, 30, 40 na 90. Yule wa 90 unamjua, kila stendi inaye mmoja. Kasi inayojitokeza zaidi ni 20. Ukijumlisha zote na kugawanya kwa tano unapata 40. Lakini ukiinua kila moja kwa kipeo cha pili kwanza, ukatafuta wastani wa hizo, ndipo ukatoa kipeuo, unapata karibu 48. Pikipiki ni zilezile, hakuna iliyobadilisha gia. Wewe ndiye umeuliza maswali matatu.

Yule wa 90 ndiye anayezitenganisha. Kwenye kipeo cha pili anachangia 8100 kati ya 11400, wengine wanne wakigawana yaliyobaki. Gesi ina watu wa 90 wake pia: kuna mkia mrefu upande wa kasi kubwa, na upande wa pili huwezi kushuka chini ya sifuri. Kwa hiyo siku zote kilele, yaani kasi inayojitokeza zaidi, kiko chini, wastani unafuata, kasi ya kipeuo iko juu. Kwa gesi uwiano ni 1 kwa 1.128 kwa 1.225, iwe nitrojeni, iwe heliamu, iwe baridi au joto.

Mwalimu wako yuko sawa. Umejibu swali ambalo hukuulizwa.

#4 Mama_Mitungi

Hamjambo. Mimi nauza gesi hapa Nakuru miaka tisa na nimefurahi kuona mnaizungumzia. Swali langu: kwa nini asubuhi ya Julai mtungi wa kilo 6 unatoa moto dhaifu hata ukiwa umejaa, na mteja akiwasha moto mkali muda mrefu, mtungi unakuwa baridi hadi unatoka jasho? Wateja wanasema nimewauzia hewa. Ni hiyo kasi imepungua?

#5 Sekta58

Mama, hii ni gesi ya mtihani, si ya ugali 😂

#6 Babu_wa_Lurambi

Usimcheke. Swali lake ni zuri kuliko jibu lako la #2. Mama, ngoja kidogo, tutalirudia.

#7 Jamaa_wa_Dunga

Asante Babu, boda nimeelewa. Lakini sasa nauliza, ni nani aliyeamka asubuhi akasema tuinue kwa kipeo cha pili halafu tutoe kipeuo? Si ni kuzunguka mbuyu? Kama wastani upo, kasi ya kipeuo ina kazi gani?

#8 Nyar_Milimani

Nafundisha fizikia, si kwenye chuo chako, usijali.

Fikiria molekuli moja ndani ya sanduku, inagonga ukuta na kurudi. Mwongezee kasi mara mbili. Kila pigo sasa ni zito mara mbili, na pia anarudi ukutani mapema, kwa hiyo anagonga mara mbili zaidi kwa sekunde. Mbili mara mbili ni nne. Presha inafuata kasi kwa kipeo cha pili kwa sababu hiyo tu. Hakuna mtu aliyekaa kuamua. Nishati ya mwendo nayo ni hivyohivyo.

Jaribu mwenyewe. Nitrojeni kwenye 300 K na presha ya usawa wa bahari ina uzito wa kilo 1.138 kwa kila mita ya ujazo. Presha ni theluthi moja ya densiti mara wastani wa vipeo vya pili vya kasi:

P = ⅓ × 1.138 × 517² ≈ 101,400 Pa

Hiyo ndiyo presha ya usawa wa bahari, kasoro ndogo ya kukadiria. Sasa weka 476 mahali pa 517:

P = ⅓ × 1.138 × 476² ≈ 86,000 Pa

Umepoteza asilimia 15 ya presha, na haijulikani imeenda wapi. Kwenye presha na nishati, 476 inakudanganya.

Lakini geuza swali. Usiulize ukuta unasukumwa kwa nguvu gani, uliza unagongwa mara ngapi kwa sekunde, au ni molekuli ngapi zitatoka kwenye tundu dogo la sindano. Hapo uzito wa pigo hauhusiki, unahesabu waliofika tu. Idadi inafuata kasi yenyewe bila kipeo, kwa hiyo unatumia wastani, 476. Ukiweka 517 utatabiri uvujaji unaozidi wa kweli kwa karibu asilimia 9.

#9 Omuya_Kibuye

Nyar Milimani, hapo nakukamata. Nina kipima hewa hapa dukani Kisumu, kinasoma kama 88,000 na kitu. 86,000 yako ya "uongo" iko karibu zaidi na ukweli wa Kisumu kuliko 101,400. Kwa hiyo wastani ndio unaofanya kazi, labda kwa wazungu wa pwani ndiyo ile nyingine.

#10 Nyar_Milimani

Omuya, nimecheka. Umepata jibu karibu na sahihi kwa bahati tu. Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi. Ile 1.138 ni ya usawa wa bahari, huwezi kuichukua ukaipandisha hadi Kibuye bila kuipunguza. Kwa presha ya hapa, nitrojeni kwenye 300 K ina takriban 0.99. Weka:

⅓ × 0.99 × 517² ≈ 88,200

Hicho ndicho kipimo chako. Kwa 476 utapata karibu 75,000, na huko hata kipima chako kitakukana.

#11 Omuya_Kibuye

Sawa. Nimekubali kwa shingo upande.

#12 Kaptagat_Runner

Hiyo imenikumbusha. Wanariadha wanakuja mazoezi huku juu kwa sababu molekuli za hewa ziko polepole, ndiyo maana mapafu yanafanya kazi zaidi. Au siyo?

#13 Babu_wa_Lurambi

Siyo. Molekuli huko juu ni chache, si za polepole. Kasi inaamuliwa na halijoto na uzito wa molekuli, basi. Punguza presha hadi nusu bila kubadili halijoto, zile tatu zinabaki palepale. Hata baridi yenyewe haifanyi kubwa: ukitoka Kisumu kwenye nyuzi 30 ukafika Nakuru kwenye 20, kasi zote tatu zinashuka kwa asilimia 1.7 tu, maana ni kipeuo cha 293 juu ya 303. Ni Kelvini zinazohesabu, si nyuzi za redio.

Tena usiseme presha, sema kanieneo.

#14 Sekta58

Babu, ukiuliza kanieneo ya tairi pale kwa fundi wa pancha utaonyeshwa njia ya hospitali.

#15 Mama_Mitungi

Basi hapo ndipo mnanichanganya. Kama baridi ya Nakuru inapunguza kasi kwa asilimia moja na kitu, mbona moto wangu unapungua karibu nusu? Mimi si wa shule nyingi lakini hesabu hiyo haikai.

#16 Nyar_Milimani

Mama, umeona kitu ambacho wanafunzi wangu wengi hupita bila kukiona.

Ndani ya mtungi wako kuna kioevu, si gesi tupu. Kinachofika kwenye jiko ni zile molekuli zilizoweza kujitoa kwenye kioevu, na kujitoa si kazi ya molekuli ya kawaida. Wenzake wanamshika. Anayetoka ni yule wa mkiani, boda wa 90 wa Babu. Unapoipoza gesi kidogo, kilele kinasogea kidogo sana, lakini mkia unapungua vibaya. Chukua butani, ambayo ni sehemu ya gesi yako. Kutoka nyuzi 10 hadi 25 kasi zake zinapanda kwa asilimia 2.6 hivi, lakini presha ya mvuke wake inapanda kutoka kama 1.5 hadi 2.4 za angahewa. Ukitazama ile kasi ya wastani huwezi kuikisia tofauti hiyo hata kidogo. Iko mkiani.

Jasho la mtungi ni mambo hayohayo. Wenye mbio wakiondoka, wanaobaki wana wastani mdogo, yaani kioevu kinapoa, na unyevu wa hewa unageuka matone juu ya chuma.

#17 Fundi_wa_Bahati

Mimi nafunga mifumo ya gesi kwenye mahoteli, naomba kutofautiana kidogo. Sisi tunasema ni joto la uvukizi. Kioevu kikigeuka mvuke kinakunywa joto, kinalichukua kutoka kwenye chuma, chuma kinapoa. Hakuna haja ya mbio za molekuli. Na kuna jingine. Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani inachemka kwa nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe. Mtungi ukitumika, propani inatangulia kuisha, butani inabaki nyuma. Ndiyo maana mtungi wa nusu unalalamika asubuhi kuliko uliojaa. Mama amesema hata uliojaa, lakini wateja wa gesi nawajua, wakisema "umejaa" mimi huutikisa kwanza.

#18 Nyar_Milimani

Fundi, la mchanganyiko nimelikubali, sikulitaja na ni kweli. Joto la uvukizi na mkia ni hadithi moja iliyosimuliwa kutoka ghorofa mbili. Hilo joto linalonywewa linaenda wapi, kama si kulipia wale wanaojitoa?

#19 Fundi_wa_Bahati

Mimi nabaki ghorofa yangu, huku nina mita za kupimia 😀

Mama, wateja wako wasiweke mtungi kwenye maji yanayochemka ati kuuamsha. Nimeona.

#20 Mama_Mitungi

Wapo wanaofanya hivyo, nimewakataza hadi koo likauka. Ahsanteni wanangu, sasa nitakuwa na la kuwaambia.

#21 Kod_Kericho

Nimefuata kimyakimya. Badala ya kubishana nimeziumba molekuli milioni moja kwenye kompyuta. Kila molekuli inapewa kasi ya kwenda mashariki, kaskazini na juu, kila moja ikiwa namba ya kubahatisha yenye mtawanyiko √(RT/M), halafu unaziunganisha kwa Pythagoras.

```python
import numpy as np
R, T, M = 8.314, 300, 0.028
s = np.sqrt(R*T/M)
v = np.random.normal(0, s, (1000000, 3))
u = np.sqrt((v**2).sum(axis=1))
print(u.mean(), np.sqrt((u**2).mean()))
h, e = np.histogram(u, bins=np.arange(0, 2000, 10))
print(e[h.argmax()] + 5)
```

Mbili za kwanza zinatoka 476 na 517 kila nikiendesha, hazitikisiki. Lakini hiyo ya mwisho, kilele, inanisumbua. Mara 415, mara 435, mara 405. Mara moja nilipata 445. Nimekosea wapi?

#22 Sekta58

Ndiyo nilisema ile 422 ilikuwa ya kubahatisha. Tazameni sasa. Nani anacheka?

#23 Nyar_Milimani

Hujakosea, Kod. Kilele cha mchoro huu ni bapa kama meza. Ukisogea asilimia 5 kutoka kileleni, yaani kama mita 21 kwa sekunde, urefu wa mchoro unashuka kwa nusu ya asilimia tu. Sasa kila ndoo yako ya upana wa 10 pale juu inabeba molekuli elfu 19 na mia kadhaa, na bahati nasibu pekee inaitikisa kwa 140 hivi, ambayo ni asilimia 0.7. Mtikisiko ni mkubwa kuliko tofauti unayotafuta. Ndoo tano za jirani zinashindana na mshindi ni wa bahati. Wastani hauna shida hiyo kwa sababu unatumia molekuli zote milioni, si wale wa kileleni peke yao.

Ukitaka 422 kwa usafi, pitisha mstari wa parabola kwenye ndoo za kati ya 300 na 550, halafu usome kilele chake. Itakuwa karibu, si kamili, kwa sababu mchoro hauna ulinganifu. Usijaribu kutafuta kasi inayorudiwa zaidi kwenye orodha ghafi: kwa namba zenye desimali 15 hakuna mbili zinazofanana, na kompyuta itakupa chochote.

#24 Kod_Kericho

Nimejaribu parabola. Imetoka juu ya 422 kidogo, lakini haitangitangi tena. Nimeelewa.

Ila nimegundua kituko. Mtawanyiko wa mashariki-magharibi peke yake una kilele kwenye sifuri! Yaani kwa upande mmoja kasi yenye uwezekano mkubwa ni kusimama. Halafu nikiunganisha pande tatu, waliosimama wanatoweka kabisa. Wameenda wapi?

#25 Babu_wa_Lurambi

Hawakuenda popote. Ili usimame kabisa lazima pande zote tatu ziwe sifuri kwa pamoja, na njia ya kufanya hivyo ni moja tu. Kuwa na kasi ya 400 kuna njia chungu nzima: elekea popote unapotaka, mradi urefu wa mshale ni 400. Ni kama maganda ya kitunguu. Ganda la nje lina nafasi nyingi kuliko la ndani, nafasi zinaongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Upande mwingine, uwezekano wa kila nafasi unapungua kadiri unavyotoka nje. Kimoja kinapanda, kingine kinashuka, na pale vinapopishana ndipo 422 inapozaliwa.

#26 Wanjala_Takwimu

Sasa na mimi nitie chumvi. Hiyo 422 mnaiita "yenye uwezekano mkubwa zaidi" kana kwamba ni mali ya gesi. Ni mali ya rula yako. Chukua molekuli zilezile milioni za Kod, lakini badala ya kuzipanga kwa kasi zipange kwa nishati, kwa ndoo za nishati zenye upana sawa. Kilele kitakuwa kwenye nishati ya kT/2. Geuza hiyo iwe kasi: 298 m/s, si 422! Kisha zipange kwa logariti ya kasi. Kilele kinahamia 517, ileile ya kipeuo.

Molekuli zilezile, halijoto ileile, vilele vitatu. Kwa sababu ndoo za nishati zenye upana sawa si za upana sawa kwenye kasi. Huku chini zinameza kasi nyingi, huku juu zinameza kidogo.

#27 Jamaa_wa_Dunga

Wee Wanjala, mimi nilikuwa na kasi tatu, sasa nina nne. Nilikuja kutafuta alama.

#28 Kod_Kericho

Nimejaribu. Ni kweli! Kwa nishati kilele kiko 298 na kwa logariti kiko 517, ukiacha ule mtikisiko. Usiku huu silali.

#29 Nyar_Milimani

Wanjala yuko sahihi kwenye hesabu. Hapo kwa "mali ya rula" sikubaliani naye kikamilifu. Kuna majaribio ambapo maumbile yenyewe huchagua rula. Otto Stern mwaka 1920 alivukiza fedha kutoka waya wa moto na kupima kasi ya atomu zake kwa kifaa kinachozunguka. Alilinganisha na kasi inayotarajiwa ndani ya gesi, na Einstein akamwonyesha kwamba atomu zinazotoka si sampuli ya haki ya zilizo ndani. Wenye mbio hufika kwenye tundu mara nyingi zaidi, kwa hiyo mwonzi unaotoka una wenye mbio wengi kupita kiasi. Kwenye mwonzi wa namna hiyo, kilele cha kasi kinaangukia √(3RT/M). Kwa nitrojeni yetu ni 517. Kwa hiyo Kijana, kama swali lingekuwa juu ya kilele cha mwonzi unaotoka kwenye tundu, jibu lako lingepata alama zote.

#30 Sekta58

Kwa hiyo nilikuwa sahihi kwa njia ya mlango wa nyuma.

#31 Babu_wa_Lurambi

Kwa njia ya tundu.

#32 Auma_Kondele

Samahani kuingia kwa kuchelewa. Kama molekuli inakwenda mita 476 kwa sekunde, mbona jirani akikaanga omena harufu inanifikia baada ya dakika nzima na nyumba zetu zimeshikana?

#33 Kaptagat_Runner

Labda za omena ni nzito.

#34 Nyar_Milimani

Uzito unachangia, lakini si huo tu. Molekuli ya hewa haisafiri hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita kabla ya kugongana na nyingine, na hiyo hutokea mabilioni ya mara kwa sekunde. Ni kama mtu mwenye mbio kali ndani ya soko la Kibuye siku ya Jumapili. Anakimbia kweli, lakini hafiki. Harufu ya omena inabebwa zaidi na upepo na mvuke wa sufuria.

Ndiyo maana pia lile jaribio la bomba la kioo, amonia mwisho huu na asidi ya hidrokloriki mwisho ule, pete nyeupe huchukua dakika kadhaa kutokea. Na ukipima umbali, uwiano haufiki ile 1.47 ambayo kipeuo cha 36.5 juu ya 17 kinaahidi. Huwa pungufu, kwa sababu gesi hizo zinapenya katikati ya hewa, hazitoki kwenye tundu kuelekea mahali patupu. Wanafunzi wengi hurekebisha vipimo ili vifike 1.47. Mwalimu mwenye macho huwajua hao.

#35 Babu_wa_Lurambi

Na kwenye uwiano huo haijalishi unatumia kasi ipi ya tatu. 2, 8/π au 3, zinafutana juu na chini. Ndiyo maana watu humaliza shule bila kujua kwamba zinatofautiana.

#36 Jamaa_wa_Dunga

Haya, nimerudi. Leo asubuhi nimeenda ofisini na karatasi. Nikamweleza mwalimu kuhusu presha, nikamwonyesha 101,400 na 86,000. Akanisikiliza vizuri sana. Halafu akaniuliza, "swali langu lilisema presha?" Nikasema hapana. Akanipa alama moja kati ya tatu kwa kubadilisha gramu kuwa kilo, akasema wengi waliweka 28 badala ya 0.028 na wakapata nitrojeni inayotembea polepole kuliko boda.

#37 Kod_Kericho

Kipeuo cha elfu moja kinawakata. 517 inakuwa 16.

#38 Wanjala_Takwimu

Alama moja haitoshi. Neno "wastani" peke yake lina utata, hata kasi ya kipeuo ni wastani wa aina fulani. Mimi ningekata rufaa.

#39 Nyar_Milimani

Mimi ningekupa moja na nusu.

#40 Omuya_Kibuye

Nimepima tena mchana huu, kipima kimeshuka kidogo. Inaelekea kunyesha. Nyar Milimani, hiyo nayo iko kwenye fomula?

#41 Mama_Mitungi

Kama inanyesha Kisumu basi kesho ni huku. Nikauzie watu mitungi mapema.